Jinsi ya Kunyoosha Pango Lililopinda: Mwongozo kwa Mwenye Jengo Aliyegawa Miezi Mitatu ya Bure

Mwongozo huu ni wa mwenye jengo aliyempa mpangaji miezi mitatu bila pango, akakubaliana naye kwamba pango litapanda kila baada ya miaka miwili, kisha akarudi ofisini na kuandika hesabu zake kana kwamba hakusaini chochote. Miezi mitatu ya mwanzo ukurasa wake wa mapato ni mweupe pe. Mwezi wa nne pesa zinaanza kuonekana. Miaka miwili baadaye mapato yanaruka, naye anavuta kiti na kuwatangazia ndugu zake kwamba biashara inakua. Duka ni lilelile, mpangaji ni yuleyule, na bomba la choo cha nyuma bado linavuja palepale. Kilichokua ni nini hasa?

Namcheka mtu huyu mchana kweupe, na namcheka kwa sababu hesabu hizo zinamwumiza yeye mwenyewe. Anakopa kwa kuzitumia, anagawana faida na ndugu zake kwa kuzitumia, na siku mpangaji akija kuomba apunguziwe, anajadiliana naye bila kujua anachokitoa. Dawa yake ni kunyoosha pango. Unachukua jumla ya pango lote ambalo mkataba unamlazimisha mpangaji kulipa, unaligawa kwa miezi yote ambayo duka liko mikononi mwake, na kila mwezi unaandika kiasi hichohicho kuwa mapato, hata kama mwezi huo hukumwandikia ankara.

Hili si wazo la mhasibu anayetafuta kazi. Kiwango cha kimataifa cha IFRS 16, kilichoanza kutumika tarehe 1 Januari 2019, kinamtaka mwenye mali inayopangishwa kwa upangaji wa kawaida, ule ambao jengo na hatari zake vinabaki kuwa vyake, atambue pango kwa kiasi sawa katika kipindi chote cha mkataba. Anatumia utaratibu mwingine pale tu unapoonyesha vizuri zaidi jinsi manufaa ya kuitumia mali yanavyopungua. Sasa nenda kasimame mbele ya duka lako na ujiulize: mpangaji alifaidi chumba hiki kidogo mwaka wa kwanza kuliko mwaka wa tano? Kuta ni nne tangu siku ya kwanza. Basi nyoosha.

Hesabu miezi, na uanze siku ulipotoa funguo

Tuchukue duka la chini kwenye jengo moja la Ngara, Nairobi. Mkataba ni wa miaka mitano na miezi mitatu, na muda huo haukuchaguliwa kwa bahati. Sura ya 301 ya Sheria za Kenya inamlinda mpangaji wa duka au hoteli ambaye hana mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano, au unaoruhusu kuvunjwa ndani ya miaka mitano kwa sababu isiyokuwa ukiukaji wa masharti. Mpangaji wa namna hiyo hapandishiwi pango wala haondolewi bila notisi maalumu, na akipinga, shauri linakwenda kwenye baraza la mizozo ya upangaji wa biashara. Ndiyo maana mawakili wa mjini wanaupenda sana huu muda wa miaka mitano na kitu juu. Kwa mhasibu, kitu hicho cha juu kina kazi yake, kwa sababu kinaingia kwenye kigawanyo.

Mpangaji wetu alipewa funguo tarehe 1 Oktoba 2023. Oktoba, Novemba na Desemba hakulipa pango. Mafundi wake walikuwa wakipiga rangi, wakifunga rafu na kuvuta nyaya za umeme. Kuanzia Januari 2024 hadi Desemba 2025 pango ni shilingi 210,000 kwa mwezi. Mwaka 2026 na 2027 ni shilingi 231,000. Mwaka 2028, ambao ni wa mwisho, ni shilingi 252,000, na mkataba unakwisha tarehe 31 Desemba 2028. Kwa jumla ni miezi 63.

Hapa ndipo wengi wanapojikwaa mapema kabisa. Watahesabu miezi 60, kwa sababu ankara ni 60. Kiwango hakisemi hivyo. Muda wa upangaji unaanza siku mwenye jengo anapomwachia mpangaji duka alitumie, na miezi isiyolipiwa imo ndani yake. Fundi wa mpangaji aliyekuwa juu ya ngazi mwezi Oktoba akitoboa ukuta wako alikuwa analitumia duka hilo. Hata kama mkataba umeandikwa kuwa unaanza Januari, ukimpa mpangaji funguo Oktoba na ukamwacha afanye atakavyo humo ndani, saa yako imeanza kuhesabu Oktoba.

Sasa jumlisha pango. Miezi 24 kwa shilingi 210,000 ni 5,040,000. Miezi 24 kwa 231,000 ni 5,544,000. Miezi 12 kwa 252,000 ni 3,024,000. Jumla ni shilingi 13,608,000. Gawa kwa 63, unapata shilingi 216,000 kwa mwezi. Hayo ndiyo mapato ya duka hilo kila mwezi, tangu Oktoba 2023 hadi Desemba 2028, bila kupanda wala kushuka.

Angalia kinachompata yule wa miezi 60. Anagawa jumla ileile na kupata shilingi 226,800, anaanza kuandika Januari 2024, na Desemba 2028 hesabu yake inafunga vizuri kabisa. Hakuna shilingi inayobaki. Kwa hiyo kipimo cha kuangalia kama salio la mwisho ni sifuri, ambacho wahasibu wengi wanakitegemea, hakiwezi kumkamata. Anayetaka kumkamata aende kwenye hesabu za mwaka 2023 aulize: duka lilikuwa mikononi mwa mpangaji kwa miezi mitatu, mapato yake yako wapi? Hapo kuna shilingi 648,000 ambazo hazikuandikwa.

Jedwali la kompyuta halihitaji ufundi mkubwa. Weka miezi 63 kwenye safu A kuanzia mstari wa 2, kiasi cha ankara bila kodi kwenye safu B, mapato yaliyonyooshwa kwenye C, na salio kwenye D. Miezi mitatu ya mwanzo iandikie sifuri kwenye B. Usiruke mistari hiyo.

```
C2:  =SUM($B$2:$B$64)/63
D2:  =C2-B2
D3:  =D2+C3-B3
```

Vuta C na D mpaka mstari wa 64. Salio litapanda hadi kileleni, kisha litashuka. Kwenye duka letu linafika shilingi 648,000 mwisho wa mwaka 2023. Linaongezeka shilingi 6,000 kila mwezi mpaka 792,000 mwisho wa mwaka 2025, na hicho ndicho kilele. Kuanzia hapo ankara ni kubwa kuliko mapato. Linapungua shilingi 15,000 kila mwezi mpaka 432,000 mwisho wa mwaka 2027, halafu 36,000 kila mwezi mpaka liishe.

Andika, lakini usimwandikie mpangaji

Oktoba 2023 hakuna ankara. Unadebiti akaunti ya pango limbikizi shilingi 216,000 na unakrediti mapato ya pango kiasi hichohicho. Januari 2024 ankara ya kwanza inatoka: pango 210,000, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 ambayo ni 33,600, jumla 243,600. Hiyo unaiandika kama ankara yoyote. Kisha unaongeza ingizo la pili, dogo: debiti pango limbikizi 6,000, krediti mapato 6,000. Januari 2026 mambo yanageuka. Ankara inaleta mapato ya 231,000, na ingizo la pili linayapunguza kwa 15,000 na kulipunguza pango limbikizi kwa kiasi hichohicho.

Ingizo la pili halina kodi ya ongezeko la thamani hata senti moja. Kodi hiyo inafuata ankara, na hapa hakuna ankara. Ada ya huduma pia, ile ya mlinzi, taka na taa za ngazi, iache nje ya jumla ya pango. Ni malipo ya huduma unazotoa, na ina utaratibu wake.

Ombi langu kubwa katika sehemu hii ni kwamba pango limbikizi likae kwenye akaunti yake lenyewe, mbali kabisa na daftari la wadaiwa. Kuna ofisi zinazolitumbukiza kwenye akaunti ya mpangaji kwa kuwa, wanasema, ni pesa atakayolipa huyohuyo. Miezi mitatu baadaye orodha ya madeni inachapishwa, na mfumo unamwonyesha mpangaji kuwa anadaiwa shilingi 648,000, nyingine zimepita siku 60. Karani mwenye bidii anaandika barua ya kudai. Mpangaji ambaye rangi ya duka lake bado haijakauka anapokea onyo la kuitiwa dalali kwa miezi aliyopewa bure kwa maandishi na wakili wa mwenye jengo. Barua kama hiyo haifutiki kwa simu ya kuomba radhi, na mpangaji ana kila haki ya kukasirika. Kiasi hicho hakijafikia tarehe ya kudaiwa. Kitadaiwa kidogo kidogo, ndani ya zile ankara kubwa za mwaka 2026, 2027 na 2028.

Kwenye mizania ligawe pia kwa muda. Mwisho wa mwaka 2025, katika shilingi 792,000, ni 180,000 tu zitakazorudi ndani ya miezi 12 ijayo. Hizo ndizo mali ya muda mfupi, na 612,000 zinazobaki ni za muda mrefu. Mwisho wa mwaka 2023 hakuna hata shilingi moja ya muda mfupi, kwa sababu mwaka unaofuata salio linazidi kupanda. Benki inayokupima kama unaweza kulipa madeni ya mwaka huu ina haki ya kulijua hilo.

Mwenye jengo akiuliza pesa ziko wapi

Atauliza, na ana haki ya kuuliza. Mazungumzo yenyewe huwa hivi, na mhasibu kijana ajiandae nayo:

"Mama, mwaka huu duka la Ngara limeleta mapato ya shilingi mia sita arobaini na nane elfu."

"Limeleta wapi, mwanangu? Benki mimi nilikuwa jana."

"Benki hazijafika, Mama. Mpangaji ameshatumia duka miezi mitatu, na gharama ya miezi hiyo tumeiweka ndani ya pango la miaka inayokuja."

"Kwa hiyo naweza kuwagawia wanangu?"

"Hapana, Mama."

Jibu la mwisho ndilo muhimu. Faida ya mwaka 2023 ina shilingi 648,000 ambazo hazina pesa nyuma yake. Anayegawa faida hiyo anagawa pesa za ankara za mwaka 2026 hadi 2028, ambazo mpangaji bado hajaziona. Kwa hiyo mhasibu anapompelekea mwenye jengo hesabu, ampe pia karatasi moja yenye safu mbili kwa kila mwaka: mapato yaliyonyooshwa na ankara zilizotoka. Mwaka 2024 ni 2,592,000 kwa 2,520,000. Mwaka 2026 ni 2,592,000 kwa 2,772,000. Mtu akiziona kwa pamoja anaelewa mwenyewe, wala hahitaji kusomewa kiwango.

Kwenye kodi ya mapato, swali la kumpelekea mshauri wa kodi ni moja: duka hili linatozwa kodi kwa pango lililofikia tarehe ya kudaiwa, au kwa pango lililonyooshwa? Likitozwa kwa lililofikia tarehe ya kudaiwa, tofauti ya 648,000 inazaa kodi iliyoahirishwa. Kwa kampuni inayolipa asilimia 30, hiyo ni shilingi 194,400 za kuandikwa kuwa deni mwisho wa mwaka 2023. Anayenyoosha pango akasahau kodi yake amelinyoosha nusu.

Vitu ambavyo havinyooshwi

Akishaonja utamu wa kunyoosha, mtu hutaka kunyoosha kila kitu. Azuiwe. Kinachonyooshwa ni kile ambacho mkataba umekwishakipanga. Mkataba ukisema pango litapanda kwa kiwango cha mfumuko wa bei kitakachotangazwa na Shirika la Kitaifa la Takwimu, usikae na kubashiri mfumuko wa mwaka 2028. Unanyoosha kwa kiwango cha siku ya kuanza, na nyongeza inaandikwa ikifika. Vilevile kama mpangaji analipa sehemu ya mauzo yake, subiri auze.

Wako wamiliki wadogo wanaotumia kiwango cha IFRS kilichotungwa kwa ajili ya biashara ndogo na za kati, na hicho kina mlango ambao IFRS 16 haina. Kinaruhusu kutonyoosha pale ambapo nyongeza zimepangwa zifuate mfumuko wa bei unaotarajiwa, kwa kutegemea takwimu zilizochapishwa, ili kumfidia mwenye mali kwa gharama zake zitakazopanda. Mlango huu unapitiwa na watu wasio na tiketi. Kwenye duka letu pango linatoka 210,000 kwenda 231,000, yaani asilimia 10 kwa miaka miwili, karibu asilimia 5 kwa mwaka. Hapo ni katikati ya lengo la Benki Kuu ya Kenya la kati ya asilimia 2.5 na 7.5. Mwenye jengo atasema, si ndiyo huo mfumuko? Mwombe karatasi. Kama shilingi 21,000 zilipatikana kwa kuvutana mezani, mmoja akitaka 30,000 na mwingine akitaka 15,000, mlango huo si wake, hata kama hesabu imeangukia karibu. Na hata mwenye karatasi aliyepita kihalali atambue kwamba miezi mitatu ya bure haina undugu wowote na mfumuko wa bei. Hiyo bado anatakiwa kuisambaza.

Kuna na upande wa pili, ambao Eastleigh na River Road wanaujua vizuri: mpangaji anayelipa gudwili ndipo apewe duka. Kama pesa hiyo inaingia kwa mwenye jengo na hairudishwi, si mapato ya siku ileile. Gudwili ya shilingi 630,000 kwenye mkataba wetu wa miezi 63 ni shilingi 10,000 kwa mwezi, na sehemu ambayo bado haijatumika ni deni kwenye mizania. Ajabu ni kwamba mwenye jengo anayesema hawezi kuandika mapato ya miezi ya bure kwa kuwa pesa hazijafika, huyohuyo ataandika gudwili yote siku ya kwanza kwa kuwa pesa zimefika. Aamue moja, na uamuzi wenyewe umeshafanywa na kiwango.

Mpangaji akija kuomba

Sehemu hii ndiyo inayonikera zaidi, kwa sababu hapa hesabu mbovu inamfanya mwenye jengo apoteze pesa kweli, si kwenye karatasi tu.

Desemba 2025 mpangaji anakuja na soda na uso wa huzuni. Biashara imeshuka, 231,000 haziwezi, anaomba abaki kwenye 210,000 mpaka mkataba uishe. Mwenye jengo asiyenyoosha anaangalia vitabu vyake. Mapato ya mwaka huu ni 210,000 kwa mwezi, mwaka ujao yatakuwa 210,000 kwa mwezi. Hakuna kilichopungua. Anakunywa soda na kukubali.

Sasa fanya hesabu ya anayenyoosha. Mkataba uliobadilishwa unahesabiwa kuwa mkataba mpya tangu siku mabadiliko yanapoanza kufanya kazi, na salio la pango limbikizi la mkataba wa zamani linaingizwa kwenye hesabu ya ule mpya. Tuseme mabadiliko yanaanza tarehe 1 Januari 2026. Miezi iliyobaki ni 36, na 36 kwa 210,000 ni shilingi 7,560,000. Lakini katika hizo, shilingi 792,000 zilikwishaandikwa kuwa mapato ya miaka iliyopita, kwa hiyo haziwezi kuandikwa mara ya pili. Zinabaki 6,768,000. Gawa kwa 36, unapata 188,000.

Mapato yaliyokuwa 216,000 kwa mwezi yameshuka hadi 188,000. Ni shilingi 28,000 kila mwezi kwa miezi 36, jumla 1,008,000. Piga hesabu kwa njia ya pili, uthibitishe. Miezi 24 ya kusamehe 21,000 ni 504,000, na miezi 12 ya kusamehe 42,000 ni 504,000 nyingine. Jumla ni ileile. Hiyo ndiyo bei ya soda. Huenda ni bei nzuri. Duka tupu lina hasara yake, na mpangaji anayelipa 210,000 kwa wakati ni bora kuliko tangazo lililobandikwa mlangoni. Mwenye jengo akubali akipenda, ila akubali akiwa ameiona namba hiyo.

Mhasibu naye awe macho hapa, kwa sababu kosa la kawaida ni kuifuta 792,000 yote kuwa hasara ya Januari, au kuiacha ikae kwenye mizania huku mapato yakiandikwa 210,000. La pili ndilo baya zaidi. Desemba 2028 itafika, mpangaji ataondoka, na 792,000 bado zitakuwepo kwenye vitabu bila mtu yeyote wa kuzilipa.

Mpangaji akitoroka

Tuseme hakuomba chochote. Aliendelea kulipa 231,000 mpaka Machi 2026, na asubuhi moja ya Aprili duka likakutwa wazi, rafu zimeng'olewa, nyaya zinaning'inia. Salio la pango limbikizi siku hiyo ni shilingi 747,000. Ankara ambazo zingelipunguza hazitaandikwa tena.

Mwenye jengo atauliza kama dalali anaweza kulikamata. Kwa kawaida hawezi, kwa sababu halikuwa deni lililofikia tarehe ya kudaiwa. Lilitegemea miezi ijayo, na miezi hiyo haina tena mpangaji. Amana ya miezi mitatu, shilingi 630,000, ina kazi nyingine: pango la nyuma kama lipo, ukuta uliovunjwa, bili ya maji. Hivyo 747,000 zinafutwa na kuwa hasara ya mwaka huo. Zinaweza kuokolewa na jambo moja tu, nalo linafanyika kabla ya mkataba kusainiwa, mezani kwa wakili: kifungu kinachosema kwamba mpangaji akiondoka kabla ya muda, pango la miezi aliyosamehewa linadaiwa. Kikiwemo, mwenye jengo ana dai halali, na dai hilo linapimwa kama deni jingine lolote, kwa kuangalia kama mdaiwa anapatikana na ana kitu.

Na usisubiri nyaya zining'inie. Mpangaji aliyeanza kulipa tarehe 20 badala ya tarehe 5, kisha nusu nusu, anakupa habari kuhusu salio hilo. Mhasibu anayefunga hesabu za Desemba 2025 akiona mwenendo huo aulize ni kiasi gani cha 792,000 kinachoweza kweli kurudi, na aandike upungufu wakati huohuo.

Mthamini na kuhesabu mara mbili

Kama jengo linaandikwa kwa thamani ya soko chini ya IAS 40, kuna shimo moja la mwisho. Tuseme mwisho wa mwaka 2025 mthamini amelithamini duka hili kuwa shilingi 36,000,000. Alipofanya kazi yake alisoma mkataba, akaona 231,000 na 252,000 zinakuja, na akaziingiza kwenye thamani. Pango limbikizi la 792,000 ni kipande cha pesa hizohizo. Ukiweka 36,000,000 kwenye mstari wa jengo na 792,000 kwenye mstari wa pango limbikizi, umemwonyesha mkopeshaji mali ambayo haipo. Jengo liandikwe 35,208,000, pango limbikizi 792,000, na jumla ya mistari miwili irudi kuwa 36,000,000. Kiwango chenyewe kinataka hivyo.

Kosa hili linajificha vizuri kwa sababu kila mstari peke yake una karatasi yake. Ripoti ya mthamini ipo, na jedwali la kunyoosha lipo. Mkaguzi anayezipitia faili mbili siku mbili tofauti hatakuta tatizo. Ziweke juu ya meza moja. Kwa jengo lenye maduka 20, jumlisha masalio ya kunyoosha ya maduka yote, na utoe jumla hiyo kwenye thamani ya mthamini kabla hujaandika kitu. Mwaka unaofuata salio likiwa limeshuka hadi 612,000, rudia hesabu kwa namba mpya, kwa sababu ukitoa tena zile 792,000 za mwaka jana utakuwa umelipunguzia jengo shilingi 180,000 bila sababu.